Kiima kisichotamkwa katika "Wamefika": maelezo matatu yakiwekwa bega kwa bega

Sentensi "Wamefika" haina nomino wala kiwakilishi kinachosimama peke yake, na bado msomaji yeyote wa Kiswahili anaipokea kuwa sentensi kamili. Anayeandika tasnifu ya sintaksia, anayefundisha uchanganuzi wa sentensi au anayetia alama za kisarufi katika matini atalazimika kuamua kiima cha sentensi hii kiko wapi. Jibu linalorudiwa zaidi ni kwamba kitenzi cha Kiswahili kina upatanisho tajiri, yaani kiambishi chake cha awali kinabainisha nafsi, idadi na ngeli, na utajiri huo ndio unaoruhusu kiwakilishi kuachwa. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini si jibu pekee lililopo, na kwa maoni yangu wengi hulichukua bila kulipima. Hapa chini ninaliweka karibu na majibu mengine mawili, kisha ninayapitisha yote matatu katika mifano ileile, ili anayetakiwa kuchagua aone ni wapi majibu hayo yanatofautiana kweli na ni wapi yanatofautiana kwa majina tu.

Maelezo ya kwanza: upatanisho unaidhinisha kiima kapa

Maelezo haya yalikua ndani ya sarufi zalishi mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, hasa kupitia kazi za Tarald Taraldsen, Noam Chomsky na Luigi Rizzi. Lugha iliyowekwa mbele wakati huo ilikuwa Kiitaliano. Katika wakati uliopo kitenzi cha Kiitaliano cha kusema kina maumbo sita kwa nafsi sita: parlo, parli, parla, parliamo, parlate, parlano. Mwitaliano akisema "parlo" amekwisha kujitaja, kwa hiyo kiwakilishi "io" hakihitajiki. Kifaransa kinaandika maumbo matano katika kitenzi kama hicho, lakini manne kati ya nafsi sita yanatamkwa sawasawa, na Mfaransa hawezi kuacha kiwakilishi. Ulinganifu huo ulivutia sana. Ilionekana kwamba kitenzi kinachobainisha nafsi kinatosha, na kitenzi kisichobainisha kinahitaji kiwakilishi cha kukisaidia.

Kwa mujibu wa maelezo haya, nafasi ya kiima katika "Wamefika" haiko tupu kwa maana ya kutokuwapo. Kuna kiwakilishi kapa pale, kisichotamkwa, kilicho na sifa zote za kisarufi za "wao", na kiambishi wa- ni upatanisho tu, sawa na ulivyo katika "Wageni wamefika". Mwaka 1986 Rizzi aliongeza jambo ambalo wanaotumia maelezo haya mara nyingi hulisahau: alitenganisha kuidhinishwa na kutambulishwa. Swali la kwanza ni kama sarufi ya lugha inaruhusu kiwakilishi kapa katika nafasi fulani. Swali la pili ni jinsi msikilizaji anavyojua kiwakilishi hicho kinamhusu nani. Maswali hayo mawili yanaweza kuwa na majibu mawili tofauti, na tutaona kwamba Kiswahili kinatulazimisha kuyatenganisha.

Kwa mtazamo wa kwanza Kiswahili kinaonekana kuwa shahidi mzuri kuliko Kiitaliano chenyewe. Tuna ni-, u-, a-, tu-, m- na wa- kwa nafsi, zote zikiwa tofauti, na juu yake tuna viambishi vya ngeli. Katika ukanushi pia tuna si-, hu-, ha-, hatu-, ham- na hawa-. Lakini tukitazama kwa karibu, u- ni nafsi ya pili umoja na pia ni ya mti, ya ukuta na ya wimbo. Mtu akisema "Umeanguka" kwenye simu, huenda anamwambia mwenzake kwamba ameanguka, au anatoa habari za mwembe wa uani. Vivyo hivyo "Mmejaa" inaweza kuwahusu nyinyi mliojaa ukumbini, au mle ndani ya pipa. Hakuna mzungumzaji anayelazimika kuongeza "wewe" au "mti" kwa sababu ya utata huo. Anaacha muktadha uamue. Hiyo ina maana kwamba hata pale upatanisho unapoidhinisha, kazi ya kutambulisha inafanywa kwa sehemu na mazungumzo yenyewe.

Tatizo kubwa zaidi liko katika neno "tajiri". Kijerumani katika wakati uliopo, kwa vitenzi kama "sprechen" yaani kusema, kina maumbo matano kwa nafsi sita, kwa kuwa nafsi ya kwanza wingi na ya tatu wingi zinafanana, na kiwakilishi hakiachwi katika maandishi ya kawaida. Kihispania katika wakati uliopita wa hali ya kuendelea nacho kina maumbo matano kwa nafsi sita, kwa kuwa "hablaba" ni yangu na pia ni yake, na kiwakilishi kinaachwa bila shida. Kuhesabu maumbo, basi, hakutoshi. Watetezi hujibu kwamba utajiri unapimwa kwa lugha nzima na si kwa njeo moja, na jibu hilo linawaokoa Wahispania, lakini halikiokoi Kiaislandi, ambacho kina upatanisho ulio wazi na bado kinadai kiwakilishi. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba upatanisho tajiri usiandikwe kuwa sababu inayotosha. Kwa lugha hizo za Ulaya, umekuwa zaidi dalili inayoandamana na kiima kapa kuliko kanuni inayokizalisha.

Maelezo ya pili: kiambishi ndicho kiwakilishi

Maelezo ya pili yanakataa kuweka kitu kisichosikika pale ambapo kuna kitu kinachosikika. Kiambishi wa- ndicho kiima chenyewe, kiwakilishi kilichoungana na kitenzi. Katika umbo lake kali, linalohusishwa na Eloise Jelinek aliyeandika mwaka 1984 kuhusu Kiwarlpiri cha Australia, vipashio hivyo vidogo ndivyo viima na yambwa wakati wote, na nomino zinazotokea kando ni nyongeza za kufafanua. Katika umbo lake la wastani, linalotuhusu zaidi kwa sababu lilijengwa juu ya lugha ya Kibantu, Joan Bresnan na Sam Mchombo walionyesha mwaka 1987 kwamba kiambishi cha kiima katika Kichewa kina kazi mbili. Nomino ya kiima ikiwapo ndani ya sentensi, kiambishi ni upatanisho. Isipokuwapo, kiambishi hichohicho ni kiwakilishi. Kiambishi cha yambwa, walisema, katika Kichewa ni kiwakilishi tu.

Umbo kali linaweza kupimwa kwa Kiswahili bila vifaa vyovyote. Kama a- ni kiima kila mara, basi katika "Juma amefika" nomino "Juma" imekaa nje kidogo, kama mada iliyotangulizwa, kana kwamba tumesema "Ama Juma, yeye amefika". Kwa Juma inawezekana. Sasa tuweke "Nani amefika?" Neno la kuuliza haliwezi kuwa mada, kwa sababu mada ni kitu kinachojulikana tayari na "nani" ni kile hasa kisichojulikana, "Ama nani, yeye amefika" si Kiswahili cha mtu yeyote. Hata hivyo "Nani amefika?" ni sentensi ya kila siku, na a- iko pale. Tuweke pia "Hajafika mtu yeyote". Hapa kiima kimekuja baada ya kitenzi, hakimrejelei mtu mahususi, na hakiwezi kutangulizwa kama mada: "Ama mtu yeyote, hajafika" haikubaliki. "Kila mtoto alipewa daftari" inatoa ushahidi wa aina hiyohiyo. Katika sentensi hizi zote kiambishi kinafanya kazi ya upatanisho na kiima kilicho ndani ya sentensi yake, kwa hiyo umbo kali linaanguka.

Umbo la wastani halianguki, maana linaruhusu hasa hilo: upatanisho katika "Nani amefika?", kiwakilishi katika "Amefika". Lakini anayelichukua kutoka Kichewa asilibebe zima. Katika Kiswahili tunasema "Umemwona nani?" na karibu haiwezekani kusema "Umeona nani?" katika Kiswahili sanifu tunapomkusudia mtu. Kiambishi -m- kimekaa pamoja na neno la kuuliza ndani ya kikundi kitenzi, jambo ambalo kiwakilishi halisi hakingelifanya. Kwa hiyo kwa watu na viumbe hai, hata kiambishi cha yambwa cha Kiswahili kinaweza kuwa upatanisho, na madai ya Kichewa kwamba yambwa ni kiwakilishi tu hayahami yalivyo. Nimeona mara kadhaa wanafunzi wakinakili hitimisho la Kichewa kwa sababu lugha zote mbili ni za Kibantu, na kosa hilo hujitokeza mara tu mtahini anapotamka sentensi yenye "nani".

Je, umbo hili la wastani linatofautianaje na maelezo ya kwanza katika "Wamefika" yenyewe? Kwa kweli ni vigumu sana kuyatenganisha kwa data. Tukisema "Tumefika sote", mtetezi wa kiima kapa atasema "sote" inakifafanua kiwakilishi kapa. Mtetezi wa kiambishi atasema inaungana na sifa za nafsi na idadi zilizo katika tu-. Tukiona kwamba hatuwezi kuunganisha kiambishi na nomino kwa "na", bali ni lazima tuseme "Mimi na Asha tunakuja", mmoja atasema kitu kapa hakiunganishwi na mwingine atasema kiambishi hakisimami peke yake. Wote wawili wametabiri kilekile. Hata tofauti ya maana kati ya "Kila mwanafunzi anaamini atafaulu" na "Kila mwanafunzi anaamini yeye atafaulu", ambapo ya kwanza inamrudia mwanafunzi kwa wepesi na ya pili inaelekea kumtaja mtu mwingine au kusisitiza, inaelezeka kwa pande zote mbili: umbo fupi linatosha, kwa hiyo umbo refu linapotumika lazima liwe na kazi ya ziada.

Maelezo ya tatu: mada ya mazungumzo inatosha

Maelezo ya tatu yanaanzia mbali kabisa, katika Kichina, ambako kitenzi hakibadiliki kwa nafsi wala idadi, na bado kiima kinaachwa kwa uhuru. C.-T. James Huang alieleza mwaka 1984 kwamba katika lugha kama hizo kipengele kisichotamkwa kinaweza kufungwa na mada, ambayo nayo inaweza kuwa imetajwa sentensi kadhaa nyuma. Kijapani kinatoa ushahidi wa jinsi hiyohiyo. Kwa hiyo utajiri wa upatanisho si lazima hata kidogo. Lugha isiyo na upatanisho wowote inaweza kuacha kiima, na mara nyingi ni lugha za katikati, zenye upatanisho kidogo, zinazong'ang'ania kiwakilishi.

Inaelekea kudhaniwa kwamba maelezo haya hayana kazi katika Kiswahili, kwa kuwa vitenzi vyetu vimejaa viambishi. Lakini Kiswahili kina kitenzi kisichobeba kiambishi cha kiima hata kimoja, nacho ni kile cha mazoea chenye hu-. Tunasema mimi husoma, wewe husoma, wao husoma, na umbo ni moja kwa nafsi zote na ngeli zote. Kama upatanisho tajiri ndio unaoidhinisha kiima kapa, basi kitenzi cha hu- kinapaswa kudai kiima kila mara, kama kitenzi cha Kifaransa. Nadhani hapa ndipo mtihani mzuri kuliko yote ulipo, na unastahili kufanywa polepole.

Chukua maelezo haya mafupi: "Babu huamka alfajiri. Hunywa kahawa, kisha huenda shambani." Sentensi ya pili haina nomino, haina kiwakilishi, haina kiambishi cha nafsi, na hakuna anayepata taabu kuielewa. Badilisha mwanzo uwe "Mimi huamka alfajiri", na maneno yaleyale "Hunywa kahawa, kisha huenda shambani" sasa yananihusu mimi. Anza na "Wavuvi wa hapa", na yatawahusu wavuvi. Kitenzi hakikubadilika, kilichobadilika ni mada. Vivyo hivyo mtu akiuliza, "Wewe na watoto mnakula nini asubuhi?" jibu "Hula mihogo" linatosha.

Sasa toa mada. Ingia chumbani ambako hapajazungumzwa lolote, useme "Hunywa kahawa." Utaulizwa "Nani?", na anayeuliza hajui hata kama unajisema mwenyewe. Ukisema "Wanakunywa kahawa" unaweza pia kuulizwa ni akina nani, lakini msikilizaji amekwisha kujua kwamba si wewe na si yeye, na kwamba ni zaidi ya mmoja. Kisha jaribu kubadilisha mada katikati: "Babu huamka alfajiri. Bibi siku hizi anaumwa miguu. Huenda shambani." Kiima cha "Huenda" kinayumba, wengine watakirudisha kwa bibi, na mwandishi makini ataweka "Babu" au "Yeye" ili kuepusha utata. Kwa kiambishi a- tungepata shida hiyohiyo, lakini kama mmoja wa wahusika angekuwa ni mimi, "Ninakwenda" ingeimaliza papo hapo, na "Huenda" isingeweza.

Kuna mtego ambao anayekusanya mifano ya hu- lazima auangalie. Hu- ya mazoea inafanana kwa umbo na hu- ya ukanushi wa nafsi ya pili. Katika vitenzi vya asili ya Kibantu irabu ya mwisho inatenganisha, kwa maana "husema" ni mazoea na "husemi" ni ukanushi. Katika vitenzi vya asili ya Kiarabu irabu haibadiliki, kwa hiyo "Husafiri" inaweza kuwa "kwa kawaida husafiri" au ukanushi wa "unasafiri". Mfano wenye "husafiri", "hurudi" au "hufikiri" usitumiwe kuthibitisha lolote mpaka muktadha wake uwe umesomwa.

Mtego wa pili uko katika usemi wa haraka. "Naenda" haina ni- inayosikika, na "takuja" ya mitaani haina kiambishi kabisa. Hizo si za aina moja. Katika "naenda", kukosekana kwenyewe kumekuwa alama ya nafsi ya kwanza, kwani hakuna anayesema "naenda" akimkusudia mwingine, kwa hiyo upatanisho haujapotea, umejificha katika umbo lililofupishwa. "Takuja" ni jambo jingine. Kamil Ud Deen, aliyechapisha mwaka 2005 uchunguzi wake wa watoto wanaojifunza Kiswahili Nairobi, anaonyesha kwamba si watoto tu bali hata watu wazima huacha kiambishi cha kiima katika mazungumzo. Anayefanya kazi na rekodi za sauti za mjini atakutana na sentensi za namna hiyo mapema, na maelezo ya kwanza hayatamsaidia.

Lipi kwa kazi ipi

Mtetezi wa maelezo ya kwanza anaweza kujibu kwamba hu- ina upatanisho usioonekana, ulioazimwa kutoka kwa vitenzi vingine vya Kiswahili. Sikubali jibu hilo, kwa sababu likikubaliwa, Kifaransa nacho kinaweza kudaiwa kuwa na upatanisho usioonekana, na dai lote la utajiri linakosa kitu cha kulipinga. Ni afadhali kukiri kwamba Kiswahili kina njia mbili za kuacha kiima: mahali penye kiambishi, sifa za nafsi na ngeli ziko katika kitenzi na mada inasaidia pale zinapogongana, mahali pasipo na kiambishi, mada inafanya kazi yote.

Kwa hiyo anayechanganua Kiswahili sanifu kwa ajili ya Kiswahili chenyewe, ninampendekezea umbo la wastani la maelezo ya pili, likiongezwa mada kwa vitenzi vya hu-. Linaeleza "Nani amefika?" na "Amefika" kwa kiambishi kilekile bila kuweka kitu kisichosikika, na haliahidi kitu kuhusu utajiri ambacho hu- itakuja kukivunja. Anayelinganisha Kiswahili na Kiitaliano au Kihispania ndani ya sarufi zalishi atapata faida zaidi kwa kiwakilishi kapa, kwa sababu maswali ya fani hiyo yameandikwa kwa lugha hiyo na data za "Wamefika" hazimkatazi. Lakini asome pia hoja ya Anders Holmberg ya mwaka 2005, iliyotumia Kifini. Holmberg alionyesha kwamba katika nadharia ya Chomsky ya baadaye sifa za upatanisho kwenye kitenzi hazina maana ya kwao, kwa hiyo haziwezi kukipa kiwakilishi kapa maana yake. Sifa hizo lazima ziwe kwenye kiwakilishi chenyewe ambacho hakikutamkwa tu. Anayeandika leo kwamba upatanisho "unakijaza" kiima kapa anatumia toleo ambalo wenye nadharia wenyewe wameliacha.

Anayetia alama katika matini nyingi ana haja nyingine. Akichagua kiima kapa, atalazimika kuingiza tokeni isiyoandikwa kabla ya karibu kila kitenzi, na katika "Umeanguka" atalazimika kuamua kama ni "wewe" au "mti" wakati huohuo wa kuingiza. Akichagua kiambishi, anaandika sifa za u- kama zilivyo, nafsi ya pili au ngeli, na kuacha uamuzi wa mrejelewa kwa hatua nyingine. Kwa vitenzi vya hu- aache sehemu ya nafsi wazi, asiijaze nafsi ya tatu kwa kukisia. Nafsi ya tatu ikijazwa, sentensi kama "Mimi huamka alfajiri, hunywa kahawa" itahesabiwa vibaya, na kosa hilo halitaonekana katika jedwali la mwisho.